Kibudu cha Bahari: Aya ya Jumla na Hadithi Mahsusi

Hotuba kwa wanafunzi wa darsa ya usuli-fiqhi, Wete, Pemba

Masheikh zetu, walimu wangu, na nyinyi ndugu zangu mliohudhuria, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumze juu ya tamko la jumla na tamko mahsusi, yale ambayo wanausuli wanayaita aam na khas, na juu ya namna mafakihi wanavyoiweka aya pana pamoja na hadithi iliyo finyu kuliko aya hiyo. Mlango huu haumaliziki kwa kikao kimoja, kwa hiyo nitachukua mas-ala moja tu, nayo ni ya samaki aliyekufa. Nimeichagua kwa sababu hakuna nyumba hapa Pemba isiyopika samaki, na kwa sababu karibu kila ugumu wa mlango huu unapatikana ndani yake.

Aya yenyewe ni ya 3 katika Suratul Maida: "Mmeharamishiwa nyamafu, na damu, na nyama ya nguruwe." Nyamafu ndiyo maita, na kwetu twasema kibudu, yaani kila mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa kisheria. Aya haikusema maita ya ng'ombe au ya mbuzi, wala haikutenga cha nchi kavu na cha baharini. Neno limekuja na alif na lamu ya kuenea, na neno la namna hii hukusanya kila kinachoingia chini ya jina lake mpaka ipatikane dalili ya kukitoa.

Sasa mfikirieni mvuvi aliyetega dema lake kwenye mwamba, kisha kusi ikachafuka, asiweze kutoka kwa siku mbili tatu. Akilivua anakuta changu na kangu wengine wangali hai, na wengine wamekwisha kufa zamani ndani ya maji. Akiisoma aya ya Maida na akaishia hapo, hawa waliokufa ni vibudu bila shaka. Tena akiwa mkweli katika kusoma kwake, hata wale walio hai watakuwa vibudu muda si mrefu, kwa sababu watakufa juu ya mashua na hakuna atakayewachinja. Kwa tamko la aya peke yake, ingebidi soko zima la samaki lifungwe. Tunajua kwamba halifungwi, lakini kujua kwamba jambo ni halali si sawa na kujua limekuwaje halali, na kazi yetu leo ni hiyo ya pili.

Walioikabili aya hii pembezoni mwa bahari kabla yetu walikuwa Masahaba wenyewe. Jabir bin Abdillah (R.A.) anasimulia, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliwatuma watu 300 upande wa pwani, na akamfanya Abu Ubayda bin al-Jarrah kuwa amiri wao. Masurufu yao yalikuwa mfuko wa tende. Zilipopungua, Abu Ubayda akawa anampa kila mtu tende moja kwa siku, wanaimumunya kama anavyomumunya mtoto, kisha wanakunywa maji juu yake. Wakafika hadi ya kupiga majani ya miti kwa fimbo, wakayarowesha na kuyala. Kisha bahari ikawatupia mnyama mkubwa, akionekana kwa mbali kama kilima cha mchanga, wakamkuta ni yule anayeitwa anbar, katika jamii ya nyangumi. Ukubwa wake Jabir anaueleza kwa kusema kwamba watu 13 walikaa ndani ya tundu la jicho lake, na kwamba ubavu wake mmoja ulisimamishwa, akapita chini yake ngamia mkubwa kuliko wote waliokuwa nao.

Tusikilize alivyosema Abu Ubayda alipomwona mnyama huyo, maana maneno yake ni darsa kamili. Kwanza alisema: "Ni maita." Kisha akasema: "Hapana, bali sisi ni wajumbe wa Mtume wa Mwenyezi Mungu, na tuko katika njia ya Mwenyezi Mungu, na mmefikwa na dharura, basi kuleni." Wakamla, riwaya moja inasema siku 18 na nyingine inasema mwezi, mpaka wakanenepa, na wakakausha nyama yake wakaifanya masurufu ya safari. Waliporudi Madina wakamweleza Mtume (S.A.W.), naye akasema: "Hiyo ni riziki aliyokutoleeni Mwenyezi Mungu. Je, mnacho chochote katika nyama yake mtulishe?" Wakampelekea, akala.

Humu mna hatua tatu. Abu Ubayda alianza kwa kulitumia tamko la jumla kama lilivyo: amekufa, hakuchinjwa, basi ni maita. Kisha akaitafuta ruhusa ndani ya Kitabu hicho hicho, kwa sababu uharamu wa maita una toleo la mtu aliyeshikwa na njaa akadharurika, na toleo hilo limetajwa mwishoni mwa aya ile ile ya Maida, kama linavyotajwa katika aya nyingine za maita. Kwa hiyo wakati ule wote waliokuwa wakila ufukweni, walikuwa wakila haramu iliyoruhusiwa kwa dharura. Hatua ya tatu haikuwa yao. Mtume (S.A.W.) alikuwa Madina, hakuwa na njaa ya kudharurika, na akaomba nyama ile na akaila. Angenyamaza tu, au angesema kwamba wamefanya vyema, mtu angeweza kudai kwamba uhalali ulikuwa kwa ajili ya njaa yao. Kula kwake kulilifunga dai hilo, na kukathibitisha kwamba kibudu cha bahari ni halali kwa aliyeshiba na kwa mwenye njaa.

Hadithi ya pili ndiyo iliyo wazi zaidi kwa tamko. Imepokewa na Malik katika Muwatta, na Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.): "Sisi tunapanda bahari, na tunachukua maji kidogo. Tukiyatawadhia tutapata kiu. Je, tutawadhe kwa maji ya bahari?" Akajibu: "Maji yake ni yenye kutwaharisha, na maita yake ni halali." Sentensi ya pili ya jibu hili haikuulizwa, naye akaitoa kwa sababu anayepungukiwa maji baharini ni karibu mno na kupungukiwa chakula.

Hapa kuna swali ambalo wanafunzi huniuliza, nalo ni swali zuri. Kwa nini tuhangaike na hadithi, na hali katika sura hiyo hiyo ya Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu amesema: "Mmehalalishiwa mawindo ya baharini na chakula chake"? Je, aya hii haitoshi kuifinya ile ya 3?

Nawaomba mtulie hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopita mbio. Wekeni aya mbili hizi pamoja. Aya ya maita inazungumzia kilichokufa tu, lakini haikubagua nchi kavu na bahari. Aya ya mawindo inazungumzia bahari tu, lakini kwa tamko lake haikubagua kilichotolewa hai na kilichokutwa kimekufa. Kila moja ni pana kwa upande mmoja na finyu kwa upande mwingine. Ng'ombe aliyekufa zizini yumo katika aya ya kwanza peke yake, na nguru aliyevuliwa hai yumo katika ya pili bila ya shida. Lakini samaki aliyekufa mwenyewe ndani ya maji anadaiwa na aya zote mbili, moja ikimharamisha na nyingine ikimhalalisha. Wanausuli wanasema aya mbili hizi kila moja ni aam na khas kwa upande wake, na katika hali hiyo huwezi kusimama ukasema hii ndiyo mahsusi, basi nitaitanguliza. Mwenzako atasema hivyo hivyo juu ya ile nyingine, na hoja zenu zitakuwa sawa. Panahitajika dalili ya nje ya kupima.

Ni kweli kwamba Umar (R.A.), katika maneno aliyoyataja Bukhari, aliifasiri "chakula chake" kuwa ni kile ambacho bahari imekitupa, na kwa tafsiri hiyo aya inamgusa samaki mfu moja kwa moja. Lakini wako miongoni mwa wa mwanzo waliosema kwamba "chakula chake" ni samaki aliyetiwa chumvi akawekwa, kama ng'onda na papa wetu, na kwa tafsiri hiyo haimgusi. Hadithi ya Abu Huraira haina nafasi mbili. Imetaja bahari na imetaja maita yake kwa pamoja, yaani imeweka kidole juu ya pale pale aya mbili zinapogongana. Kwa hiyo ndiyo iliyoifinya aya ya 3, na papo hapo ndiyo iliyotuonesha kwamba aya ya 96 ibaki na upana wake.

Wako wanazuoni waliotaka njia fupi zaidi. Zamakhshari katika tafsiri yake alisema kwamba samaki hakuingia tangu mwanzo, kwa sababu watu wakisikia kwamba fulani amekula maita, fikra zao haziendi kwa samaki, kama vile anayeapa kwamba hatokula nyama, kisha akala samaki, hahesabiwi kwa desturi kuwa amevunja kiapo, ingawa Qurani imeiita nyama yake "nyama laini". Kwa kauli hii hakuna takhsisi yoyote, kwa sababu hakuna kilichotolewa katika jumla. Kauli ina uzuri wake, lakini mimi siioni kuwa na nguvu katika mas-ala hii. Abu Ubayda alikuwa Mwarabu wa Makureshi, lugha ni yake na desturi ni yake, na neno la kwanza lililomtoka alipomwona mnyama wa bahari aliyekufa lilikuwa ni maita. Mtume (S.A.W.) naye, alipotaka kuhalalisha, hakusema kwamba bahari haina maita. Alisema "maita yake ni halali", akaliacha jina na akaiondoa hukumu. Jina likithibiti, basi kilikuwamo ndani ya jumla kisha kikatolewa, na kutolewa huko ndiko takhsisi.

Sasa tuje kwenye mzozo mkubwa. Qurani imetufikia kwa njia ya yakini, kundi kutoka kwa kundi. Hadithi ya mpokezi mmoja mmoja, inayoitwa ahaad, imetufikia kwa dhana yenye nguvu, hata ikiwa sahihi. Inakuwaje chenye dhana kikate katika chenye yakini?

Jibu la Mashafii, na ndiyo madhehebu tunayoyasoma hapa kwetu, ni kwamba tusichanganye mambo mawili. Aya ni ya yakini katika kuthibiti kwake kwamba ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na hilo halikuguswa. Lakini kwamba tamko lake la jumla limekusudia kila mmoja bila ya kubakisha, hilo ni la dhana, kwa sababu lugha imejaa matamko ya jumla yaliyokusudiwa baadhi tu. Hadithi ni kinyume chake: kuthibiti kwake ni kwa dhana, lakini inapotaja maita ya bahari, imeyataja maita ya bahari. Kwa hiyo kinachokutana ni dhana kwa dhana, na iliyotaja jambo kwa jina lake ina nguvu zaidi juu ya jambo hilo kuliko iliyolifunika pamoja na mengine. Zaidi ya hayo, ukiitanguliza hadithi unazitumia dalili zote mbili, kwani aya inabaki na ng'ombe, mbuzi, kuku na vyote vya nchi kavu. Ukiitanguliza aya kwa upana wake wote, hadithi haibaki na kitu hata kimoja.

Mahanafi wanasema vingine. Kwao tamko la jumla ambalo bado halijaingiwa na takhsisi ni la yakini katika kila kilichomo, kwa hiyo hadithi ya ahaad haitoshi kulianza. Wanashikilia kauli ya Umar (R.A.) alipoikataa habari ya Fatima bint Qays katika nafaka na makazi ya mtalaka, akasema kwamba hatuachi Kitabu cha Mola wetu kwa kauli ya mwanamke ambaye hatujui amehifadhi au amesahau. Mashafii wanajibu, na nadhani wamejibu vyema, kwamba Umar ameitaja sababu mwenyewe, nayo ni shaka ya kumbukumbu katika habari ile, na mwenye kukataa habari kwa shaka ya kumbukumbu hakusema kwamba anaikataa kila habari. Masahaba waliipokea habari ya kukatazwa kumuoa mwanamke pamoja na shangazi yake au khaloo yake, wakaifinyia kwayo kauli pana ya Suratun Nisaa, "na mmehalalishiwa wasiokuwa hao", na Mahanafi wenyewe wanaifuata hukumu hiyo.

Msidhani kwamba Mahanafi wanaharamisha samaki. Wanamhalalisha, kwa sababu wanaona hadithi hizi zimepata umaarufu na kukubaliwa na umma kiasi cha kupanda juu ya daraja la ahaad za kawaida. Lakini tofauti ya msingi inaonekana pembezoni. Kwao "maita yake" ni samaki tu, si kila mnyama wa bahari, na wanaitegemea katika hilo hadithi ya Ibn Umar (R.A.) inayotaja maita mawili yaliyohalalishwa, samaki na nzige, ambayo iliyo sahihi zaidi ni kwamba ni maneno ya Ibn Umar mwenyewe. Tena wanamtoa samaki aliyekufa mwenyewe bila ya sababu, akaelea juu ya maji, kwa riwaya ya Jabir iliyomo katika Abu Daud. Abu Daud mwenyewe akaeleza kwamba wapokezi madhubuti wameifanya kuwa ni maneno ya Jabir, na Nawawi akasema ni dhaifu. Upande wa pili kuna kauli ya Abubakar (R.A.) aliyoitaja Bukhari, kwamba kinachoelea ni halali. Kwa hiyo mvuvi wa dema, kwa Mashafii, haulizwi samaki amekufa vipi wala lini. Akioza hadi akawa anadhuru, hilo linamkataza kwa dalili ya kuzuia madhara, ambayo ni mlango mwingine, na aya ya maita haimhusu tena.

Tofauti nyengine ni ya tarehe. Mahanafi wanauliza ni ipi iliyotangulia, kwani kwao tamko la jumla likija nyuma linaweza kulifuta mahsusi lililotangulia. Wengi wa waandishi wa sira wanaiweka safari ya Abu Ubayda katika mwaka wa 8, na Suratul Maida ina aya zilizoshuka mwishoni kabisa, hata siku ya Arafa ya mwaka wa 10. Mtu angeweza kusema basi aya imemfuta anbar. Mashafii hawababaishwi na hesabu hiyo, kwa sababu kwao mahsusi inaifinya jumla ikiwa imetangulia au imechelewa. Na kauli ya Abubakar inaonesha kwamba Masahaba wakubwa, waliojua nini kilishuka mwisho, hawakufahamu kwamba kuna kilichofutwa.

Nitataja makosa mawili ambayo nayaona mara kwa mara katika madaftari ya wanafunzi, kisha nitakaa.

La kwanza ni kuifinya hadithi kwa sababu yake. Muulizaji wa Abu Huraira alikuwa na maji kidogo, akiogopa kiu. Mwanafunzi anaandika: basi maji ya bahari yanatawadhiwa na msafiri aliyepungukiwa tu. Lakini Mtume (S.A.W.) hakujibu kwa ndiyo, ambayo ingefungika na swali. Alijibu kwa sentensi iliyosimama peke yake juu ya bahari. Mazingatio ni upana wa tamko, si ufinyu wa sababu, na aliyeko ufukweni Wete, mwenye kisima nyumbani, wudhu wake wa bahari ni sahihi. Na angalieni jambo la ajabu: hadithi hii ni mahsusi ukiipima na aya, lakini ndani yake ni ya jumla, kwani "maita yake" imekusanya papa, taa, nguru na nyangumi. Nayo pia imeingiwa na takhsisi kwa Mashafii, wakamtoa chura, kwa sababu imekuja hadithi ya kukataza kumuua. Wakawatoa pia mamba na kasa, na wengi wao kaa, wanaoishi maji na nchi kavu, na dalili yao katika hao ina mjadala mrefu.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila kutajwa kwa baadhi ni takhsisi. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba ngozi ikidabighiwa imetwaharika, na hilo ni tamko la jumla. Kisha akapita kwa mbuzi aliyekufa, aliyekuwa wa mjakazi wa Maimuna (R.A.), akasema: "Kwa nini hamkuichukua ngozi yake, mkaidabighi, mkanufaika nayo?" Wakasema ni maita. Akasema: "Kilichoharamishwa ni kumla tu." Abu Thawr akaichukua habari ya mbuzi kuwa ndiyo inayoifinya ile ya jumla, akaihusisha tohara na ngozi ya mnyama anayeliwa. Jumhuri hawakumkubalia, kwa sababu hadithi mbili hazikugongana. Moja imesema kila ngozi, ya pili imesema ngozi ya mbuzi, na hukumu ni ile ile. Takhsisi inahitaji hukumu mbili zinazopingana juu ya kitu kimoja, kama aya iliposema maita ni haramu na hadithi ikasema maita ya bahari ni halali. Ukiwa unaweza kuzitii dalili zote mbili kwa ukamilifu bila ya kuacha hata sehemu ya mojawapo, basi hakuna cha kufinya, na ngozi ya ng'ombe aliyekufa, akiwa hakuchinjwa, inadabighiwa na kutumika kama ya mbuzi yule.